Sekunde thelathini kwenye meli ya Nansio

Mwaka jana nilipanda lifti ya jengo moja pale Posta, Dar es Salaam, nikiwa na bahasha ya maelezo ya biashara yangu mkononi. Mzee aliyesimama kando yangu alikuwa mmoja wa watu niliosafiri kutoka Mwanza kuja kuwatafuta. Akaiangalia bahasha, akaniuliza kwa upole, "Binti, unashughulika na nini?"

Nilikuwa nimejiandaa, maana wale waliotufundisha ujasiriamali walitupa kielelezo cha maneno 75, ya kusemwa kwa sekunde 30, na kutuambia tujaze nafasi zilizo wazi. Nikaanza: "Sisi ni kampuni bunifu inayotoa suluhisho endelevu la uchakataji wa mazao ya uvuvi katika mnyororo wa thamani, kwa kuwawezesha wanawake..." Tulipofika ghorofa ya saba mlango ukafunguka. Mzee akasema, "Hongera sana, Mungu akusaidie," akatoka.

Jioni hiyo nilidhani tatizo ni muda, kwamba lifti ingekwenda ghorofa kumi na mbili ningemaliza. Imenichukua miezi kuelewa kwamba hata tungekwama humo ndani saa nzima asingeniuliza chochote. Hakuna hata neno moja kati ya yale niliyosema ambalo mtu angeweza kuliona kwa macho. Dagaa hawakutajwa, wala mvua, wala mama yangu mdogo ambaye ndiye sababu ya biashara yenyewe.

Niieleze kwanza. Mama mdogo anakausha dagaa kwenye mwalo mmoja wa Ukerewe, yaani ufukwe wanaposhushia dagaa. Mitumbwi hutoka usiku na taa, hurudi alfajiri, na wanawake hununua dagaa wabichi kwa ndoo ya lita 20. Wengi huwaanika mchangani. Jua likiwa kali, dagaa walioanikwa asubuhi huweza kufungwa jioni au kesho yake. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, wanalainika, wanapasuka tumbo, na siku ya pili wanaanza kunuka. Hapo hawaliwi tena na binadamu, wanauzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mimi nilijenga banda la mita 6 kwa 12, fremu ya miti, nailoni nyeupe ya kitalu juu, na ndani vichanja vya ngazi mbili vilivyotandikwa nyavu. Linabeba ndoo 15 zikitandazwa vizuri. Mwenye dagaa analipa 1,500 kwa ndoo mpaka zikauke. Biashara yote ndiyo hiyo.

Niliporudi Mwanza niliamua kujifunza kuyasema haya kwa watu nisiowajua, na mahali nilipopachagua ni meli ya Nansio, ile ya kati ya Mwanza na Ukerewe, ninayoipanda karibu kila wiki. Safari ni ya saa tatu hivi. Watu wamekaa, hawana pa kwenda, na wakati wa kurudi Mwanza meli imebeba magunia ya dagaa, kwa hiyo mada ipo puani mwa kila abiria. Nilijiwekea sharti moja: kila mtu ninayezungumza naye nimpe sekunde 30 tu za maelezo, kisha ninyamaze, hata kama ana saa tatu za kunisikiliza.

Jambo la kwanza nililoligundua lilikuwa la kipimo. Usiku, kabla ya safari, nilijirekodi kwenye simu nikisoma maneno 75 ya kile kielelezo kwa Kiswahili, kwa mwendo wa kawaida wa kuongea. Ilichukua sekunde 40. Nikidhani nimesoma polepole, nikarudia, ikawa 38. Ndipo nikaona kwamba kielelezo kile kilipimwa kwa lugha nyingine, yenye maneno mafupi. Neno letu moja linabeba mtu, wakati na tendo. "Hawatanyeshewa" ni neno moja kwenye hesabu, lakini ulimi unapita silabi sita. Kwa mwendo wangu, sekunde 30 ni maneno kati ya 55 na 60. Ukijaribu kubana 75 humo utaongea kama mtangazaji wa mpira, na mgeni atajua mara moja kwamba unasoma kitu kilichoandikwa. Tangu siku hiyo sihesabu maneno kwanza. Nabonyeza kitufe cha saa ya simu, naongea kama ninavyoongea na dada yangu jikoni, halafu naangalia.

La pili ni salamu. Kwetu huwezi kumgeukia mtu mzima usiyemjua ukaanza na hasara ya dagaa. "Shikamoo mama." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo. Safari ya Mwanza?" "Ee, nampeleka mjukuu hospitali." Hapo unampa pole, unamuuliza mtoto anasumbuliwa na nini, unasikiliza jibu. Mwanzoni niliona salamu zinanila muda wangu. Sasa naona sekunde 30 hazianzi kuhesabiwa mpaka mwenzako akufungulie mlango kwa swali lake, na karibu kila mara swali hilo huja lenyewe: "Na wewe unafanya kazi gani?" Lisipokuja, huwa nataja kitu tunachokiona wote wawili. "Magunia leo ni machache." Mtu wa ziwani hawezi kuliacha neno hilo bila kulijibu. Atasema ni mbalamwezi, mitumbwi haikutoka, au atasema mvua. Akisema mvua, mlango umefunguka.

Na kuna safari sikufungua mlango kabisa. Yule mama wa mjukuu mgonjwa sikumwambia kitu. Nilimbebea begi, basi.

Maelezo yangu ya kwanza melini yalianza na banda. "Ninajenga mabanda ya kukaushia dagaa kwa kutumia nailoni..." Watu walisikiliza kwa heshima, lakini nikaanza kusikia kitu ambacho sikuwa nakisikia zamani, yaani vile vineno wanavyovitia katikati. Mtu anayekufuata husema "ehe?" na sauti yake inapanda, anataka uendelee. Mtu aliyeelewa jambo jipya husema "kumbe!" Anayeanza kulijenga kichwani mwake husema "kwa hiyo..." na hapo inakupasa ufunge mdomo haraka, maana sentensi anayoikamilisha mwenyewe ataikumbuka kuliko yako. Lakini "sawa sawa", "hongera sana" na "Mungu akusaidie" ni maneno ya kufungia. Mtu anakuaga huku bado amekaa kando yako. Nilipoanza na banda nilipata "sawa sawa" nyingi sana, na nikamkumbuka mzee wa lifti.

Nikageuza. Nikaanza na mama mdogo na siku moja ya mvua, kwa fedha zake halisi, na banda likaja baadaye. Baada ya safari kama nane maelezo yalitulia hivi:

"Mama yangu mdogo anakausha dagaa kule Ukerewe. Mwezi wa nne alinunua ndoo kumi kwa laki mbili, akaanika mchangani, mvua ikapiga kabla hawajakauka. Akawauza chakula cha kuku kwa elfu themanini. Mimi nimejenga banda la nailoni lenye vichanja, mwenye dagaa anakodi nafasi kwa ndoo, elfu moja na mia tano. Nina banda moja, linajaa. Natafuta mwalo wa pili. Wewe kwenu wanaanika wapi?"

Kwa simu yangu ni sekunde 30 kasoro kidogo. Nieleze kwa nini kila kipande kimekaa pale kilipo, maana nilivibadilisha mara nyingi.

Hesabu ya laki mbili na elfu themanini nimeiacha bila kuitolea jibu. Zamani nilikuwa namalizia: "kwa hiyo alipoteza laki na ishirini." Nilipoliondoa, watu walianza kuitoa wao wenyewe kwa sauti. "Laki na ishirini imekwenda!" Mama mmoja aliipigia kofi pajani kana kwamba ni yake. Mtu akishapiga hesabu ya hasara mwenyewe, ameingia ndani ya habari.

Bei ya kukodi niliitaja hapo kwa sababu bila bei watu walidhani mimi ni mradi. Kule visiwani tumezoea watu wa miradi wanaokuja na fulana na semina. Ukisema "tunawasaidia wanawake", mgeni anangoja umwambie posho inatolewa lini. Elfu moja na mia tano inamwambia kwamba hii ni biashara, na kwamba hata yeye angeweza kuwa mteja.

Swali la mwisho liko pale kwa sababu mgeni simwombi fedha. Mtu uliyekutana naye dakika mbili zilizopita ukimwomba mtaji, anaanza kutafuta pa kuegemea upande wa pili. Lakini karibu kila abiria wa meli ile ana ndugu kwenye mwalo fulani, na kumuuliza kwao wanaanika wapi ni kumuuliza jambo analolijua kuliko mimi.

Maelezo haya yalikuwa na kasoro moja kubwa, na sikuiona mimi. Ilionwa na mzee mmoja mchuuzi, mwenye magunia yake sita sitahani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akaniuliza: "Na jua likiwaka, nani anakulipa?"

Nikasema, "Wanakodi tu, mzee." Akatikisa kichwa. "Mchanga ni bure, binti. Jua likiwaka, mtu akulipe elfu na mia tano kwa nini?"

Sikuwa na jibu, na sikutunga. Niliporudi nyumbani nilifungua daftari la banda la mwaka uliotangulia. Machi mpaka Mei, karibu kila siku mitumbwi ilipotoka, nafasi zilijaa. Juni, Julai na Agosti kuna kurasa ambazo hazina jina hata moja. Neno "linajaa" lilikuwa kweli kwa masika, na mimi nilikuwa nalisema mwaka mzima. Sikukusudia kudanganya. Lakini mgeni angejenga banda kwenye mwalo wa pili kwa kuamini neno lile, angeweka zaidi ya shilingi milioni 4 kwenye miti na nailoni, halafu kiangazi angekaa akiangalia vichanja vitupu. Nilijisikia vibaya sana juu ya hilo, na bado najisikia.

Tulichofanya ni kujaribu. Mwezi wa saba, jua kali, mama mdogo alinunua ndoo 20. Kumi akaanika mchangani kama kawaida, kumi tukaziweka kwenye vichanja. Kila kumi zilitoa kilo 50 hivi za dagaa wakavu. Tukasafiri nao hadi soko la Kirumba, Mwanza, kila aina kwenye mfuko wake. Mnunuzi wa pale hatazami gunia kwa macho tu. Alichota konzi, akasugua kwenye viganja, akafungua mikono akaangalia kilichobaki, kisha akatafuna wawili. Wa mchangani akatupa 4,500 kwa kilo, wa kichanja 6,000. Ni tofauti ya 1,500 kwa kilo, ambayo kwa kilo 50 ni 75,000. Kodi ya ndoo kumi ni 15,000. Mama mdogo alikaa kwenye gunia tupu akarudia hesabu hiyo mara mbili kwa vidole.

Ile ilikuwa bei ya siku moja, kwa mnunuzi mmoja. Dagaa wakiwa wengi sokoni tofauti hupungua, nimeshaiona ikishuka hadi 700. Lakini hata hapo kodi inarudi, na swali la yule mzee likapata jibu ninaloweza kulisimamia. Maelezo yakabadilika sehemu moja tu. Niliondoa "Nina banda moja, linajaa," nikaweka: "Masika wanakimbia mvua, kiangazi wanakimbia mchanga." Maneno yameongezeka mawili, kwa hiyo "kule Ukerewe" ikawa "Ukerewe", na "Mimi nimejenga" ikawa "Nimejenga".

Kuna jambo jingine ambalo halimo ndani ya sekunde 30 na sitaki liwemo kwa uongo. Banda halikaushi wakati wa mvua. Linazuia kunyeshewa. Kwetu mvua nyingi ya ziwani inapiga asubuhi kisha mchana jua linatoka, na joto la chini ya nailoni linamalizia kazi, almradi umeacha matundu ya hewa juu na chini, la sivyo mvuke unagandamana kwenye nailoni na kudondoka tena juu ya dagaa. Mvua ikinyesha siku nzima, na kesho yake tena, dagaa wanaanza kunuka humo humo ndani ya banda. Kwa hiyo sisemi kamwe "dagaa hawaharibiki tena". Mtu akiuliza "mvua ya siku mbili je?" namjibu hivyo hivyo nilivyoandika hapa, na nimeona kwamba jibu hilo linamfanya asogee karibu. Mtu wa ziwani anajua hakuna nailoni inayoshinda mvua ya siku mbili. Ningesema vinginevyo angejua sijawahi kuanika.

Mjini maelezo yaleyale yanahitaji kuguswa mahali pawili. Mtu wa Posta hajui mwalo ni nini, namwambia "ufukwe wanaposhushia dagaa". Na swali la mwisho kwake halina maana, hana kwao wanakoanika. Namuuliza, "Unamfahamu mtu yeyote anayenunua dagaa kwa tani?" Mvua, ndoo na elfu themanini sivigusi. Hata mtu asiyewahi kuliona ziwa anaelewa laki mbili kugeuka elfu themanini.

Niseme kuhusu neno moja ambalo sikulitunga. Mwezi wa tisa, kwenye meli, nilimaliza kumweleza kijana fundi pikipiki. Akakaa kidogo, akasema: "Kwa hiyo... mtu anakuja na dagaa wake, anawalipia nafasi, wanalala, wakikauka wanaondoka. Kumbe umefungua gesti ya dagaa!" Abiria wa nyuma wakageuka. Dakika tano baadaye nilimsikia akimweleza mwenzake aliyetoka kununua chai, na alimweleza vizuri kabisa: mama mdogo, mvua, chakula cha kuku, gesti. Bei tu ndiyo aliikosea, alisema elfu mbili.

Nilifurahi mno, nikafanya kosa la kuanza nayo safari iliyofuata. "Nina gesti ya dagaa." Watu walicheka, wakataka kucheka zaidi, na nilipofika kwenye hasara ya mama mdogo walikuwa bado wanatabasamu. Hasara haikuwaumiza. Gesti nikairudisha nyuma, na sasa siisemi kabisa. Namwachia mgeni. Si kila mtu anaifikia, mmoja aliita "kambi", mama mwingine akasema "kliniki ya dagaa". Kila mmoja anaondoka na jina lake, na jina alilolitoa mwenyewe ndilo analowapelekea wengine.

Yule mzee wa magunia sita nilikutana naye tena mwezi wa kumi na moja, nikamwamkia, nikampa jibu la swali lake na bei za Kirumba. Aliuliza bei ya dagaa wa mchangani siku hiyo ilikuwa ngapi hasa, akaridhika. Hakunipa fedha. Alinipa jina la mwalo upande wa pili wa kisiwa, na jina la mwanamke anayeheshimiwa na waanikaji wa pale, akaniambia nisiende Jumapili.

Nilikwenda Jumanne. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, mchanga mzima umejaa dagaa waliolowa, wanawake wanawakusanya kwa mafagio. Nilimwamkia yule mama, nikajitambulisha kwa jina na kwa mama mdogo, nikajiandaa kuanza. Akaninyooshea mkono wenye magamba akanisimamisha.

"Wewe ndiye wa gesti ya dagaa?"

Nikasema ndiye.

"Ukijenga hapa, mimi nataka nafasi ya ndoo sita. Si za juu, za juu sifiki. Za chini."